Kupe kakuganda baada ya kutembea porini: mtoe hivi, halafu anza kuhesabu siku

Kuna kiklipu kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtoto kalazwa kifudifudi mkekani, kupe kamganda nyuma ya goti, na jamaa anawasha kiberiti, anakipuliza, anamgusisha kupe kile kijiti cha moto. Kupe anatapatapa, anaachia, komenti zote ni makofi na "asante kwa elimu". Shangazi yangu ndiye aliyenitumia akaniuliza kama ni kweli, maana kwao wao wanapaka mafuta ya taa, na jirani yake anasema kupe akitolewa vibaya kichwa kinabaki ndani kinaota mwili mpya. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza dakika nne, ya pili sita, nikaona hapana, hili jambo liandikwe likae sehemu moja.

Tuanze na majina kwa sababu vurugu nusu inatokea hapo. Kupe tunayemzungumzia ni yule wa porini na kwenye mifugo, ana ngao ngumu mgongoni, anakaa kwenye majani, na akikupata anakuganda kwa siku kadhaa mpaka ashibe. Papasi ni ndugu yake lakini tabia ni tofauti kabisa, huyu ana ngozi laini yenye mikunjo, anaishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za kuta za udongo na sakafu ya vumbi, anatoka usiku anakunyonya kwa muda mfupi kama kunguni halafu anarudi kwenye ufa wake. Kwa hiyo asubuhi ukiamka na alama tu na huoni mdudu, fikiria papasi au kunguni. Ukiona mdudu mwenyewe kaganda, haendi wala harudi, huyo ni kupe. Wote wawili wanaleta homa lakini sio homa moja, nitarudi huko.

Na kupe haruki wala hadondoki kutoka juu ya mti, hii nasikia sana. Anapanda kwenye jani la nyasi mpaka usawa wa goti hivi, anashika jani kwa miguu ya nyuma na ile ya mbele anainyoosha hewani kama konda anayetafuta abiria, anasubiri. Miguu ya mbele ndio pua yake, inanusa pumzi yako na joto lako. Ukipita ukagusa lile jani, anadandia. Wengine, kama wale wakubwa wenye miguu ya mistari wanaopenda ng'ombe, hawasubiri, wanakufuata wenyewe chini kwa chini. Wakishapanda wanatembea juu kutafuta ngozi laini na sehemu iliyobana: nyuma ya goti, kinenani, kiunoni pale mpira wa nguo ya ndani unapokaza, kitovuni, kwapani, chini ya titi, nyuma ya sikio, kwenye nywele za kisogoni. Watu wengi wanajikagua mikono na miguu tu halafu wanasema niko salama.

Halafu ukubwa. Kupe ambaye tumezoea kumwona kwa ng'ombe ni kama punje ya mbaazi iliyojaa, lakini huyo ameshashiba. Mwenye njaa ni bapa kama mbegu ya ufuta, na watoto wake ni vidoti, wana miguu sita badala ya nane, na unaweza kuwabeba mamia kwa mara moja ukikanyaga pale walipototolewa, utaona suruali kama imemwagiwa vumbi la pilipili manga linalotembea. Hao ambao bado hawajaganda usihangaike nao mmoja mmoja, chukua selotepu, gandisha juu yao, bandua, kunja, tupa.

Sasa mdomo wake, maana ukielewa mdomo hutahitaji kukariri jinsi ya kumtoa. Kupe hang'ati kama siafu. Anachana ngozi polepole na kuingiza kitu kama chusa cha mvuvi, yaani kina vimiba vilivyoangalia nyuma, kinaingia vizuri ila kutoka kinagoma. Halafu anatoa ute unaoganda pembeni kama saruji, ule ndio unamshikilia hata ukikuna. Na mate yake yana dawa ya ganzi, ndio maana husikii kitu, unaweza kukaa naye siku mbili ukidhani ni kipele. Mwili wake wote nyuma ya mdomo ni mfuko, na kwenye mfuko ndio kuna damu, mate, na kama ana vijidudu, navyo viko humo.

Kwa hiyo fikiria pakiti ya maziwa yenye mrija, na mrija umechomekwa kwako. Ukiminya pakiti, maziwa yanaenda wapi? Hapo ndipo kosa la vidole linapotokea, mtu anamshika kupe tumboni kwa sababu ndio sehemu kubwa inayoshikika, anaminya, anavuta, mwili unakatika mdomo unabaki na kilichokuwemo kinaweza kusukumwa ndani. Kiberiti nacho hivyo hivyo. Kupe aliyeunguzwa anaumia na akiumia anaweza kutapika palepale kwenye kidonda kabla hajaachia. Mafuta ya taa, vaselini, rangi ya kucha, sabuni ya maji, vyote vimejengwa juu ya wazo moja kwamba ukimziba pumzi atatoka mwenyewe, lakini kupe anapumua mara chache sana kwa saa, anaweza kukaa chini ya vaselini muda mrefu akiendelea kunyonya na kutema mate. Wewe unamsubiri, yeye hana haraka. Kuna nyumba za wafugaji wanapaka hata dawa ya kuogeshea ng'ombe, na hii naiomba sana iachwe, ile ni sumu, inapita kwenye ngozi, na kwa mtoto mdogo inaweza kumpeleka hospitali kwa sababu kubwa kuliko kupe.

Kinachotakiwa ni kibano chenye ncha nyembamba, hata kile cha kutolea nyusi kinafaa ila sio cha ncha pana ya mraba, kile kinaminya tumbo. Nawa mikono kwanza, vaa glavu kama zipo au funga vidole na kimfuko cha plastiki. Kaa kwenye mwanga. Sogeza nywele. Shusha kibano mpaka kiguse ngozi kabisa, umshike kupe pale mdomo unapoingilia, sio mgongoni. Halafu vuta moja kwa moja kwenda juu, kwa nguvu ileile bila kukurupuka. Ngozi itainuka kama kihema kidogo, usishtuke, ndio vimiba vinagoma, endelea kushikilia hivyo hivyo, sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, mpaka saruji iachie. Usizungushe kama unafungua parafujo. Usichomoe kwa mkupuo kama plasta.

Huna kibano na uko porini, uzi mwembamba unasaidia, wa kushonea au wa meno. Tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya mwili wake, kishushe mpaka kwenye ngozi, kaza taratibu kikishike mdomo, halafu vuta juu ncha zote mbili pamoja. Inahitaji mtu wa pili mwenye macho mazuri. Hata uzi hakuna, basi kucha zilizofunikwa na plastiki au kitambaa, chini kabisa kwenye ngozi, ni bora kumtoa hivyo leo kuliko kumwacha mpaka kesho ufike dukani, kwa sababu kadiri anavyokaa ndivyo mate yanavyoingia.

Sehemu mbili sio za kujaribu nyumbani. Ndani ya tundu la sikio, na kwenye kope la jicho. Sikio hasa, huku kwetu inatokea kwa watoto wanaochunga, na ukipeleka kibano bila kuona utatoboa ngoma ya sikio au utakata kupe nusu. Hapo nenda kituo cha afya.

Ametoka. Mwangalie. Ukiona miguu inacheza na mbele kuna kimdomo kimetokeza, umemaliza vizuri. Ukiona kwenye ngozi kimebaki kidoti cheusi, mdomo umekatika, na hapa ndio habari ya kichwa kuota mwili inapoingia. Haioti. Kilichobaki ni kama mwiba, hakina uhai wala hakinyonyi. Kama kinashikika kwa ncha ya kibano kitoe, kama hakishikiki kiache, ngozi itakisukuma yenyewe siku zinavyokwenda. Kuchokonoa na pini au wembe ndio kunaleta usaha, nimeona watu wana makovu makubwa kwenye paja kwa ajili ya kidoti ambacho kingetoka bila msaada. Wale kupe wakubwa wa ng'ombe wenye miguu ya mistari wana mdomo mrefu kuliko wengine, kwa hiyo kwao kukatika ni kawaida na kipele chake kinachelewa kupona, kinaweza kuwasha kwa wiki kadhaa.

Usafishaji ni mwepesi kuliko watu wanavyoufanya. Sabuni na maji yanayotiririka, paosheni vizuri, kausha, halafu spiriti au ayodini mara moja. Basi. Hakuna haja ya kupaka unga wa kidonge cha antibayotiki, wala dawa ya meno, wala majivu. Mikono nayo ioshwe, na kibano kifutwe na spiriti. Kupe mwenyewe usimpasue kwa kucha, najua kuna raha fulani ya kumsikia anapasuka, lakini ile damu inaruka na wewe una mkwaruzo kidoleni. Hii sio nadharia, kuna homa ya kutoka damu inayoitwa ya Kongo na Krimea, na moja ya njia zake ni hiyo hiyo, kupe aliyepasuliwa mkononi, na nyingine ni damu ya mnyama aliyechinjwa. Uganda imekuwa ikiripoti wagonjwa wake mara kwa mara. Ni nadra, ila ni sababu tosha ya kumgandisha kupe kwenye selotepu au kumtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti.

Mpige picha kabla. Na andika tarehe. Hii tarehe ndio kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka, na ngoja nieleze kwa nini mimi naiona ni muhimu kuliko hata kibano.

Binamu yangu alikwenda upande wa Longido mwaka juzi kuangalia ng'ombe wa kununua. Kaptula, raba, soksi fupi. Ametembea Jumamosi nzima kwenye nyasi, Jumapili asubuhi anaoga akaona kupe wawili, mmoja kiunoni na mmoja juu kidogo ya kifundo, akawang'oa kwa vidole akawatupa chooni. Hakuona tatizo. Jumatatu ya wiki iliyofuata, yaani siku ya nane, akaanza baridi, kichwa kinagonga, shingo na misuli ya mgongo inauma kama amebeba magunia ya simenti. Akaenda duka la dawa, akapimwa malaria kwa kidole, hakuna. Akasema labda kipimo kibovu akameza dawa ya mseto hata hivyo. Homa ikabaki. Siku ya kumi akaenda zahanati, wakamchukua kipimo cha damu cha taifodi, kikasema ana taifodi, akapewa vidonge vya siku saba. Kile kipimo tukiseme tu, kinaweza kusoma taifodi kwa mtu mwenye homa nyingine kabisa au aliyewahi kuugua zamani, ndio maana nusu ya mtaa "ina malaria na taifodi" kila mwezi. Homa haikushuka. Akaanza kusikia mtoki kinenani upande mmoja, akatembea akichechemea.

Siku ya kumi na mbili akapelekwa kwingine, na yule daktari alifanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya, alimwambia avue soksi. Juu ya kifundo kulikuwa na kigaga cheusi, cha mviringo, ukubwa kama kitako cha sigara, kimezungukwa na wekundu, na hakiumi. Binamu alikuwa amekiona, akadhani raba imembana. Kiunoni kulikuwa na kingine kidogo. Daktari akamuuliza swali moja tu: ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita?

Hiyo ndio homa ya kupe ya Afrika. Inaletwa na bakteria mdogo anayeitwa riketsia, anayekaa ndani ya kupe, hasa wale wakubwa wa miguu ya mistari, na kwa baadhi ya maeneo sehemu kubwa ya hao kupe wanaye. Wataalamu walimtambua kama aina yake peke yake miaka ya 1990, baada ya kumpata kwa mgonjwa wa Zimbabwe, kabla ya hapo walikuwa wanamchanganya na ndugu yake wa nchi za Mediterania. Watalii wakirudi kwao Ulaya kutoka mbugani wanagunduliwa nayo vizuri tu, maana kule daktari akisikia "nilikuwa safari Afrika" anaangalia ngozi. Sisi tunaoishi huku tunapewa dawa ya malaria.

Mpangilio wake uko hivi. Kupe anauma, siku tano mpaka kumi kimya kabisa, unasahau. Halafu homa, kichwa, misuli hasa ya shingo, uchovu. Karibu na wakati huohuo pale alipouma panatokea kile kigaga cheusi, na kwa kuwa mtu anaweza kuumwa na kupe kadhaa siku moja, vigaga vinaweza kuwa viwili au vitatu. Tezi za jirani zinavimba, aliyeumwa mguuni atapata mtoki, aliyeumwa mkononi atavimba kwapani. Wengine wanapata vipele mwilini, wengi hawapati. Sio kila mtu anaona kigaga pia, kwenye ngozi nyeusi kinapotea kirahisi, na kikiwa kichwani ndani ya nywele au makalioni nani atakiona? Inabidi mtu mwingine akukague, na tochi.

Tofauti na kipele cha kawaida cha kupe ni hii. Kipele cha kawaida kinatokea siku hiyohiyo au kesho yake, kinawasha, ni chekundu, kidogo kuliko sarafu, na kinapungua. Hicho ni ngozi inayokasirikia mate. Kidonda kilichoingia uchafu kinauma, ni cha moto, kinatoa usaha, wekundu unasambaa. Kigaga cha riketsia hakiwashi sana, hakiumi, katikati ni cheusi kama palipounguzwa, na kinakuja na homa. Mtu anaweza kuwa na viwili kati ya hivyo, ila ukishajua hiyo picha ya palipounguzwa huisahau.

Binamu alipewa doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni, kwa siku saba. Ndani ya siku mbili homa ilikata. Hiyo ni dalili nyingine ya ugonjwa wenyewe, dawa sahihi inafanya kazi haraka, kwa hiyo mtu akinywa siku tatu na bado anachemka daktari inabidi afikirie upya. Sasa najua kuna mtu ameshaanza kutafuta kidonge. Subiri. Kumeza doksisaiklini kwa sababu tu umetoa kupe, bila homa, huku kwetu hakushauriwi, kupe wengi wanauma na hakuna kinachotokea, na homa hii kwa kawaida sio ya kuua, inatibika hata ukianza siku ilipojitokeza. Kuna ushauri wa dozi moja ya kinga ambao watu wanausoma mtandaoni, huo ni wa ugonjwa wa Laimu, kwenye maeneo ya Marekani yenye kupe wa ugonjwa huo. Ndugu zetu walioko huko wana haki ya kuufuata. Na ule mduara mwekundu unaopanuka kama shabaha ambao kila tovuti inauonyesha, nao ni wa Laimu, ukiusubiri huku Monduli au Laikipia utausubiri sana wakati kigaga cheusi kiko mguuni. Mjamzito na mtoto mdogo dozi yao iamuliwe na daktari, sio duka la dawa.

Vipimo vya maabara vya riketsia vipo lakini sio kila mahali, na hata vikiwepo damu ya siku za mwanzo inaweza kusoma hakuna kitu kwa sababu mwili haujatengeneza kinga ya kupimwa. Kwa hiyo kinachomsaidia daktari ni maneno yako. Sio "daktari nasikia homa", bali "tarehe 3 nilikuwa porini Longido, tarehe 4 nilitoa kupe wawili, mmoja hapa mmoja pale, homa imeanza tarehe 12, picha hii". Sentensi moja hiyo ingemwokolea binamu siku nne, nauli na vidonge vya aina mbili. Na malaria ipimwe bado, usiruke, mtu anaweza kuwa nayo na pori lina mbu pia, ila kipimo kikisema hakuna malaria, kiaminiwe na sababu nyingine itafutwe.

Nilisema nitarudi kwa papasi. Homa yake inaitwa homa ya papasi au homa ya vipindi, na bakteria wake ni mwingine, mwenye umbo la kizibuo cha chupa. Inapanda sana siku kadhaa, inashuka mtu anadhani amepona, anarudi shambani, baada ya wiki moja hivi inarudi tena, na tena. Dodoma na maeneo ya kati wazee wanaijua vizuri. Inajulikana zamani, mwaka 1905 Robert Koch aliichunguza huku Afrika Mashariki, na mwaka huohuo daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa kule Kongo akiwa anaichunguza, bakteria amepewa jina lake. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, inaweza kutoa mimba. Hii inaonekana kwenye slaidi ya damu chini ya darubini wakati homa iko juu, tena mtaalamu yuleyule anayetafuta malaria anaweza kuiona akiangalia, wakati kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha. Kwa hiyo kama homa inakuja na kuondoka na mtu amelala kwenye nyumba ya udongo chini, hiyo ndio habari ya kumwambia daktari.

Wafugaji huwa wananiuliza kuhusu ndigana kali, maana wameona ng'ombe wamevimba tezi, wanakoroma, wanakufa, na kupe ndio chanzo. Hiyo ni ya ng'ombe, haimpati mtu. Mtu akivimba tezi baada ya kupe ni jambo jingine.

Muda wa kuangalia, mimi nahesabu mwezi mmoja tangu tarehe ya kumtoa kupe, ingawa mengi yatajitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza. Homa yoyote ndani ya huo muda, unakwenda na tarehe yako. Na kuna dalili ambazo sio za kusubiri kesho asubuhi: fizi au pua kutoa damu, madoa ya damu chini ya ngozi, kutapika damu, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege, mtoto anayeshindwa kunyonya au kuamka. Na anayetoka damu hivyo msimguse damu kwa mikono mitupu wakati mnampeleka, waambieni kituoni kabla hamjaingia naye kwamba alikuwa na kupe au alichinja mnyama.

Kuhusu kuzuia sitaki kurefusha. Suruali ndefu iingie ndani ya soksi, utaonekana mshamba lakini kupe atapanda nje ya nguo utamwona. Nguo ya rangi nyepesi. Ukirudi vua kabla hujakaa kitandani, oga ndani ya saa mbili, jikague zile sehemu nilizotaja, na nguo zipigwe pasi ya moto au zilowekwe kwenye maji ya moto, maana kupe kwenye maji baridi anaogelea tu.

Shangazi alipomaliza kusikiliza voisi zangu zote akaniuliza kitu kimoja, sasa huyo mtoto wa kwenye klipu ilikuwaje. Sijui, klipu inaishia kupe alipoachia. Nikamwambia kama angekuwa wetu ningemwosha na sabuni palepale, ningemtafuta na wenzake kwenye kisogo na kinenani, halafu ningeandika tarehe kwenye kadi yake ya kliniki.